Nondo Tatu, Mzigo Mmoja: Kulegea Si Kuanguka

Anayening'iniza kitu kizito hujiuliza kwanza: kitabebeka? Swali linaonekana kuwa na jibu moja, lakini kwa vyombo vingi vya chuma yako majibu mawili, na la pili linaweza kulizidi la kwanza kwa zaidi ya nusu. Jibu la kwanza ni mzigo unaokifanya chuma kianze kulegea mahali fulani. La pili ni mzigo unaokiangusha chombo kizima. Wanafunzi wa uhandisi hukutana na tofauti hii kwenye kenchi ndogo ya nondo tatu, na kenchi hiyo inafaa kuangaliwa hata na asiyewahi kuingia darasa la uhandisi, maana hesabu yake yote inafanyika kwa kujumlisha na kugawanya.

Fikiri boriti imara juu, isiyotikisika. Katikati yake imefungwa nondo moja inayoshuka wima, urefu wake mita 2. Kushoto na kulia, karibu mita tatu na nusu kila upande, zimefungwa nondo nyingine mbili zinazoshuka kwa mshazari hadi kukutana na ile ya kati kwenye kiungo kimoja. Pembe kati ya nondo ya wima na kila nondo ya mshazari ni nyuzi 60, kwa hiyo za mshazari zina urefu wa mita 4 kila moja. Zote tatu ni za chuma laini, za mviringo, milimita 16, ambazo uso wa mkato wake ni takribani sentimita mbili za mraba. Ncha zake zimeshikwa kwa pini, kwa hiyo kila nondo inavutwa tu. Kwenye kiungo cha chini ndipo tunapotundika mzigo.

Sasa chuma chenyewe. Ukivuta chuma laini kidogo kinarefuka kidogo, na ukikiachia kinarudi urefu wake wa awali. Ukiongeza nguvu maradufu, kinarefuka maradufu. Mwendo huo unafika mwisho pale nguvu inapofikia takribani kilo 2,500 kwa kila sentimita ya mraba. Hapo chuma hulegea: huendelea kurefuka bila kudai nguvu zaidi, na urefu kilioupata baada ya hapo hakiurudishi. Nondo yetu, yenye sentimita mbili za mraba, hufika hapo ikivutwa kwa tani 5, na kwa urefu wa mita 2 inakuwa imerefuka milimita 2.5 tu.

Neno la kushikilia ni hili: nondo iliyolegea haijakatika. Ni kama mpagazi aliyebeba gunia lake la mwisho. Hakubali gunia jingine, lakini lile alilonalo halitupi. Chuma kinachofuata mwenendo huu bila kasoro, yaani kunyumbuka kwa mstari ulionyooka hadi tani 5 kisha kubaki kwenye tani 5 hizo hizo, wahandisi hukiita elastiki-plastiki kamili. Chuma laini cha kweli kinaukaribia sana mwenendo huo, na ndiyo sababu hesabu hii ina maana nje ya daftari.

Tutundike mzigo polepole. Kiungo kinashuka. Kila milimita kinayoshuka, nondo ya kati inarefuka milimita nzima, kwa kuwa imesimama wima. Nondo za mshazari zinarefuka nusu milimita tu, kwa sababu ya pembe ile ya nyuzi 60. Tena nusu hiyo inagawanywa kwenye urefu wa mita 4, mara mbili ya nondo ya kati. Nusu ikigawanywa kwenye urefu maradufu, kila sentimita ya nondo ya mshazari inavutika kwa robo tu ya ile ya kati. Na kwa kuwa nondo zote zina unene mmoja na chuma kimoja, nguvu iliyomo ndani yake nayo ni robo.

Hapo ndipo ilipo siri ya kenchi hii. Nondo tatu zinazofanana kwa unene hazigawani mzigo sawasawa. Ile ya kati, kwa kuwa ni fupi na imesimama kwenye njia ya mzigo, inaelemewa kuliko wenzake. Hakuna aliyeipangia kazi hiyo. Ni jiometri iliyoamua, kwa kuwa ncha zote tatu zimefungwa pamoja na hazina budi kushuka pamoja. Ndiyo maana kenchi ya aina hii haiwezi kutatuliwa kwa kusawazisha nguvu peke yake: nguvu zisizojulikana ni nyingi kuliko milinganyo ya usawa, na anayehesabu hulazimika kuuliza pia kila nondo imerefuka kiasi gani. Mfaransa Navier aliionyesha njia hiyo katika masomo yake yaliyochapishwa mwaka 1826.

Nondo ya kati inapofika tani 5, kila nondo ya mshazari ina tani 1.25. Lakini nondo ya mshazari haivuti mzigo juu kwa nguvu yake yote. Sehemu inayoelekea juu ni nusu tu, kwa sababu ya pembe ile ile. Kwa hiyo kila moja inachangia kilo 625 kuelekea juu, na zote mbili tani 1.25. Ukijumlisha na tani 5 za nondo ya kati unapata tani 6.25. Huo ndio mzigo wa kulegea kwanza. Kiungo kimeshuka milimita 2.5, kiasi ambacho jicho la mtu aliyesimama chini halikioni.

Kwa muda mrefu mahesabu mengi ya chuma yaliishia hapo. Mhandisi alitafuta mahali palipoelemewa kuliko pote, akahakikisha hapo hapafiki ukomo wa kulegea, akaongeza akiba ya usalama, akafunga daftari. Njia hiyo haina hatari kwa chombo chetu, lakini inakihukumu chombo kizima kwa kiungo chake kimoja. Nondo mbili za pembeni bado zina robo tatu ya uwezo wao, na mzigo hauna sababu ya kuanguka zikiwa zipo.

Basi tuongeze mzigo. Nondo ya kati imefika kikomo na inabaki na tani zake 5. Kila kilo mpya inaangukia nondo za mshazari. Ukiwa na saa ya kupimia mshuko chini ya kiungo, utaona mabadiliko mara moja. Kabla ya tani 6.25, kila tani moja ilikishusha kiungo milimita 0.4. Sasa kila tani inakishusha milimita 2. Kenchi imekuwa laini mara tano, ingawa haijaanguka na haijaanza kuanguka. Katika maabara kuna njia ya zamani ya kuyaona haya hata bila saa: chuma hupakwa chokaa nyepesi kabla ya jaribio, na pale kinapolegea chokaa hupasuka na kubanduka kwa mistari. Kwenye kenchi yetu, chokaa ya nondo ya kati ingebanduka wakati ile ya pembeni ingali safi.

Mwisho unafika pale nondo za mshazari nazo zinapolegea. Kila moja ina tani 5, nusu yake inaelekea juu, kwa hiyo mbili zinachangia tani 5 kuelekea juu. Ongeza tani 5 za nondo ya kati: jumla tani 10. Hakuna tena nondo yenye nafasi ya kupokea kilo nyingine. Kiungo kinashuka bila mzigo kuongezwa, na huo ndio mzigo wa kuporomoka. Hadi kufika hapo kiungo kilikuwa kimeshuka milimita 10. Kutoka tani 6.25 hadi tani 10 ni nyongeza ya asilimia 60, bila kuongeza hata gramu ya chuma.

Kwa anayependa kuiandika kwa ujumla, tuite nguvu ya kulegea ya nondo moja T na pembe θ. Mzigo wa kulegea kwanza ni `T(1 + 2cos³θ)`, na mzigo wa kuporomoka ni `T(1 + 2cosθ)`. Tofauti yote ipo kwenye ile tatu ndogo ya juu. Kwa pembe ya nyuzi 30 nondo za pembeni zinashiriki vizuri tangu mwanzo, na akiba baada ya kulegea ni kama asilimia 19. Kwa nyuzi 45 inafika asilimia 41. Karibu na nyuzi 63 inafika kilele chake, kidogo tu juu ya ile 60 tuliyoipata, kisha inapungua, maana nondo zikilala sana hazina tena msaada wa maana kuelekea juu, zikiwa zimelegea au la.

Mtu anaweza kusema akiba hii ni ya hatari: tunategemea chuma kilichokwisha kulegea. Nadhani jambo linalofuata linastahili kufikiriwa kabla ya kukata shauri hilo. Tuseme fundi amekata nondo ya kati ikawa fupi kwa milimita moja, akaivuta na kuifunga. Kosa hilo katika karakana ni la kila siku. Mara mzigo unapoanza kuzikaza nondo zote tatu, nondo ya kati inakuwa na kilo 400 zaidi ya zile za hesabu yetu, na italegea kenchi ikiwa na tani 5.75 badala ya 6.25. Akiikata ndefu kwa milimita moja, mambo yanageuka, na kulegea kwa kwanza kunangoja hadi tani 6.75. Milimita mbili za msumeno zimeisogeza tarakimu kwa tani nzima. Lakini mzigo wa kuporomoka haujasogea. Bado ni tani 10, kwa kuwa mwishoni nondo zote zitakuwa na tani 5, haijalishi ipi ilitangulia na kwa kiasi gani.

Hivyo, kati ya tarakimu mbili, ile iliyoonekana ya tahadhari ndiyo inayoyumba. Inategemea usahihi wa vipimo, boriti ya juu kutotitia upande mmoja, hata jua kupasha nondo moja zaidi ya nyingine. Tarakimu ya kuporomoka inategemea nguvu ya nondo na pembe zake tu. Mhungaria Gábor Kazinczy aliligusa jambo hili mwaka 1914 kwa kujaribu boriti za chuma zilizobanwa ncha zote mbili, akaona kwamba haziishi kazi pale chuma kinapolegea mahali pamoja. Baadaye John Baker wa Cambridge akalifanya kuwa njia ya kazi. Mwaka 1941, wakati miji ya Uingereza ikipigwa mabomu, alisanifu kwa msingi huo meza ya chuma ya kujikinga ndani ya nyumba, iliyojulikana kwa jina la waziri Morrison. Ilikusudiwa ipinde nyumba inapoiangukia, imeze kishindo kwa kupinda huko, na watu walio ndani yake wabaki hai.

Kutoka kwenye fikra hizo kulizaliwa kanuni inayowapa wahandisi uhuru mkubwa. Ukiweza kuonyesha mgao wowote wa nguvu unaousawazisha mzigo bila nondo yoyote kuvuka ukomo wake, mzigo huo hautaiangusha kenchi. Kwa tani 8, kwa mfano, ipe nondo ya kati tani 4 na kila ya mshazari tani 4. Nusu ya mshazari mara mbili ni 4, jumla 8, na hakuna aliyevuka 5. Inatosha. Huenda kenchi ya kweli imegawana mzigo vingine kabisa, lakini hilo halibadilishi hukumu.

Uhuru huo una masharti, na masharti ndiyo yanayosahaulika. La kwanza ni kwamba chuma lazima kiwe cha kuvutika kweli. Wakati kenchi yetu inafika tani 10, nondo ya kati imerefuka mara nne ya urefu wake wa kulegea, yaani nusu ya asilimia moja. Kwa chuma laini hilo ni jambo dogo, kwani huvutika kwa zaidi ya asilimia 20 kabla ya kukatika. Lakini tuseme nondo zimetengenezwa kwa chuma cha kusubu, kigumu na chepesi kuvunjika, chenye nguvu ile ile ya tani 5. Kwenye tani 6.25 nondo ya kati haitalegea, itakatika, na mchango wake utakuwa sifuri. Mzigo wote utaangukia nondo za mshazari, ambazo sasa kila moja inatakiwa kuvuta tani 6.25 ili nusu zake mbili zitoshe. Uwezo wake ni tani 5. Zitakatika papo hapo. Nguvu ileile kwenye karatasi, jiometri ileile, na kenchi imepoteza tani 3.75 kwa sababu tu nondo ya kwanza haikujua kulegea.

Hali hiyo hiyo inaweza kuletwa na kiungo kibovu hata kama nondo ni nzuri. Kama mahali palipochomelewa panaachia kwenye tani 4.8, nondo haitapata nafasi ya kulegea, na kenchi ya chuma laini itavunjika kwa mtindo wa chuma cha kusubu. Mwenye kukata rezi kwenye ncha ya nondo anajua kwamba chuma kinapungua pale. Kwa rezi ya milimita 16, eneo linalobeba linashuka kutoka sentimita mbili za mraba hadi takribani moja na nusu. Kiungo lazima kiwe na nguvu kuliko nondo inayokishika, tena kuliko nguvu ya kweli ya nondo hiyo, maana chuma kinachonunuliwa kama cha kilo 2,500 mara nyingi huwa juu ya hapo. Nondo yenye nguvu kuliko ilivyoandikwa, ambayo kwingine ingekuwa habari njema, hapa inaweza kuvunja kiungo kabla haijalegea.

Sharti jingine linaonekana pale mzigo unapoondolewa. Tuseme kenchi ilifika ukingoni mwa tani 10, kisha tukaanza kupunguza. Nondo ya kati imebaki ndefu kwa milimita 7.5 ambazo haitazirudisha. Mzigo ukifika tani 3.75 itakuwa haina nguvu yoyote ndani yake, na chini ya hapo nondo za mshazari, zikirudi urefu wake, zinaanza kuisukuma. Kama ingekuwa bomba nene lisilopinda, kenchi ingetulia bila mzigo ikiwa imeshuka milimita 6, huku bomba hilo likibanwa kwa tani 3 na nondo za mshazari zikivutwa kwa tani 3 kila moja. Lakini nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 2 haiwezi kubanwa hivyo. Inabetuka pembeni kwa takribani kilo 160 tu. Kwa hiyo utaikuta imepinda kama upinde, katikati ikiwa imetoka karibu sentimita 8. Ukaguzi wa kenchi za namna hii haudai zaidi ya macho: nondo ya kati iliyobetuka bila mzigo ni ushahidi kwamba siku moja ilivuka ukomo wake.

Ajabu ni kwamba kenchi hiyo iliyopinda bado itabeba tani 10. Ukirudisha mzigo, nondo za mshazari zitabeba peke yake hadi tani 3.75, ya kati itanyooka na kujiunga nazo, na safari hii hakuna kitakacholegea upya kabla ya tani 10. Ila mshuko utakuwa mkubwa kuliko awali kwa mzigo mdogo, na kama kuna mlango, mashine au dari ya lipu iliyotegemea kiungo hicho, mwenye nyumba atalijua hilo kabla ya mhandisi. Na ikiwa mzigo unapanda na kushuka maelfu ya mara, kama kwenye winchi, hesabu yetu haitoshi tena. Uchovu wa chuma una sheria zake, na hizo hazijali akiba ya plastiki.

Kwa hiyo mhandisi makini huzihitaji tarakimu zote mbili, kila moja kwa swali lake. Tani 10 akizigawa kwa 1.67, kipimo cha usalama kinachotumika Marekani kwa chuma kinachovutwa, anapata karibu tani 6 za kazi. Anazilinganisha na tani 6.25 na kuona kwamba kwa mzigo wa kila siku, vipimo vikiwa sahihi, hata nondo ya kati haijalegea, na mshuko ni milimita 2.4. Kama fundi alikosea kwa milimita moja, nondo ya kati italegea kidogo siku ya kwanza, itarefuka sehemu ndogo ya milimita, kisha itatulia. Anayeagiza kenchi ya namna hii na amwulize msanifu wake maswali mawili: chuma hiki kinavutika kiasi gani kabla ya kukatika, na viungo vimepimwa kubeba zaidi ya nondo zenyewe? Bila majibu ya hayo mawili, mzigo wa kuhesabia ni tani 6.25, na siku vipimo vinapokosewa, hata hizo hazipo.